Elfu ya Mwisho Inarudisha Nini? Kuhamisha Bajeti kati ya Matangazo ya Utafutaji na ya Mitandao ya Kijamii

Ripoti ikifika mezani na kuonyesha kwamba utafutaji umerudisha 5.1 kwa kila 1 iliyotumika, na mitandao ya kijamii 3.1, wa kwanza kusema atasema tupunguze mitandao tuongeze utafutaji. Nami niliifuata hesabu hiyo kwa muda mrefu. Kisha nikamhamishia mteja mmoja theluthi ya bajeti kwenda kwenye utafutaji. Kwenye skrini namba za utafutaji zilibaki nzuri, lakini mauzo yake yote yakashuka wiki baada ya wiki. Hakuna aliyekosea kugawanya. Tulikosea swali.

Wastani unaeleza fedha yote iliyokwisha kutumika: jumla ya mauzo ugawanye kwa jumla ya gharama. Anayehamisha bajeti haigusi fedha yote. Anagusa elfu ya mwisho upande mmoja na elfu inayofuata upande wa pili. Ni kama visima viwili. Kimoja kimekupa ndoo nyingi tangu asubuhi na sasa kamba inafika kwenye tope. Cha pili hutoa polepole ila maji bado yapo. Ukihesabu ndoo za tangu asubuhi utarudi kwenye tope. Hapa chini nitaita pato la nyongeza kile kinachorudishwa na fedha ya mwisho iliyoongezwa, na pato la wastani kile kinachorudishwa na fedha yote kwa jumla.

Kwanza: elewa kwa nini fedha ya mwisho hudhoofika

Kwenye utafutaji, idadi ya watu wanaotafuta unachouza wiki hii ina kikomo. Fedha ya kwanza huwapata walioandika maneno yanayokuhusu hasa. Fedha inayofuata hununua maneno ya mbali zaidi, au hupandisha dau ili tangazo likae juu zaidi. Kupandisha dau ndiko kunakoficha gharama, kwa sababu unawalipia zaidi hata watu ambao ungewapata kwa bei ya zamani.

Chukua neno moja. Kwa dau la sasa unapata mibofyo 1,000 kwa wastani wa 0.40, yaani gharama ni 400. Unapandisha dau, unapata mibofyo 1,150 kwa wastani wa 0.48, gharama inakuwa 552. Ripoti itasema bei ya mbofyo imepanda kidogo tu, kutoka 0.40 hadi 0.48. Lakini mibofyo mipya ni 150, na imekugharimu 152. Kila mbofyo mpya umelipiwa zaidi ya 1, mara mbili na zaidi ya bei unayoiona kwenye skrini.

Kuna hali moja ambayo utafutaji haudhoofiki haraka hivyo, na Google Ads hukuonyesha. Tazama safu mbili zinazoonyesha sehemu ya nafasi za kuonekana uliyoikosa, moja kwa sababu ya bajeti na nyingine kwa sababu ya daraja la tangazo: `Search lost IS (budget)` na `Search lost IS (rank)`. Ya kwanza ikiwa kubwa, maana yake bajeti inaisha kabla ya siku kuisha, na fedha ya ziada itanunua minada ileile kwa bei inayokaribiana na ya sasa. Pato la nyongeza litakuwa karibu na la wastani. Ya kwanza ikiwa karibu na sifuri na ya pili ndiyo kubwa, huna upungufu wa fedha ya siku; utapata zaidi kwa kupandisha dau au kuboresha tangazo na ukurasa. Huko ndiko hesabu ya mibofyo 150 inakokusubiri.

Kwenye mitandao ya kijamii hadhira ni pana, kwa hiyo mteremko huwa mrefu na wa taratibu. Hudhoofika pale watu walewale wanapoliona tangazo lilelile mara nyingi. Safu ya `Frequency` kwenye Meta Ads Manager ikipanda wiki hadi wiki huku mauzo kwa kila mtu aliyefikiwa yakipungua, umefika kwenye tope. Tofauti na utafutaji, hapa tangazo jipya zuri linaweza kukupa kisima kingine kabisa, kwa hiyo kipimo cha mwezi uliopita hakidumu.

Pili: tenga jina la chapa na maneno mengine

Hatua hii ni ndogo lakini usiiruke. Mtu aliyeandika jina la biashara yako kwenye kisanduku cha utafutaji alikwisha kukuchagua. Tangazo lako likikaa juu ya matokeo, litahesabiwa kuwa ndilo lililouza. eBay walilipima hili mwaka 2012: walizima matangazo ya jina lao kwenye Yahoo na MSN nchini Marekani, na asilimia 99.5 ya mibofyo waliyoikosa ilirudi kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Chapa ndogo ambayo washindani wananunua jina lake inaweza kupata jibu tofauti, ndiyo maana unapaswa kupima ya kwako. Hata hivyo, kampeni ya jina iliyochanganywa na nyingine hunyanyua wastani wa utafutaji wote, na bajeti mpya haitaenda huko hata kidogo, kwa sababu wanaolitafuta jina lako hawaongezeki kwa kuongeza dau. Iweke kando. Unapolinganisha na mitandao, linganisha utafutaji usio wa jina.

Kuna sababu nyingine ya kuitenga. Tangazo la mitandao ya kijamii huwafanya watu walitafute jina lako siku chache baadaye, na sifa inaandikwa upande wa utafutaji. Ukipunguza mitandao utaiona kampeni ya jina ikishuka baada ya muda, bila mtu kuigusa.

Tatu: panga ngazi za matumizi kutoka kwenye historia

Fungua lahajedwali. Andika wiki zilizopita, kila wiki na matumizi ya kila upande na mauzo yake. Kisha chagua wiki zinazofanana kwa mahitaji, yaani zisizo na sikukuu, punguzo kubwa wala bidhaa iliyoisha ghalani. Ni kosa la kawaida kuongeza matangazo msimu wa mauzo mazuri, halafu kuonyesha kwamba fedha ilipoongezeka mauzo yaliongezeka. Msimu ndio ulioleta yote mawili. Kipimo rahisi ni kutazama mauzo yasiyotokana na matangazo: kama nayo yalipanda wiki hiyo, usiiweke kwenye ngazi.

Tuseme baada ya kuchuja umebaki na ngazi hizi, kwa wiki. Ni mfano, sarafu weka yako.

| Utafutaji: matumizi | Mauzo | Mitandao: matumizi | Mauzo |
|---|---|---|---|
| 3,000 | 21,000 | 4,000 | 13,000 |
| 4,000 | 24,000 | 5,000 | 15,700 |
| 5,000 | 25,500 | 6,000 | 18,000 |
| 6,000 | 26,200 | 7,000 | 20,000 |

Kwa kila ngazi, toa mauzo ya ngazi iliyotangulia, gawanya kwa tofauti ya matumizi. Matumizi yakiwa safu ya A na mauzo safu ya B, fomula ni:

```
=(B3-B2)/(A3-A2)
```

Leo uko kwenye 5,000 kila upande. Utafutaji una wastani wa 5.1, mitandao 3.14. Lakini elfu ya mwisho ya utafutaji, kutoka 4,000 hadi 5,000, ilileta 1,500 tu. Elfu inayofuata ya mitandao, kutoka 5,000 hadi 6,000, inaleta 2,300. Ukihamisha elfu moja kwenda mitandao unapoteza 1,500 na kupata 2,300, na jumla inatoka 41,200 hadi 42,000.

Sasa mfuate yule aliyesoma wastani. Anachukua elfu ya mitandao na kuipeleka kwenye utafutaji. Mitandao inarudi kwenye 13,000, utafutaji unafika 26,200, jumla 39,200. Amepoteza mauzo ya 2,000 kwa wiki kwa bajeti ileile. Na ripoti yake bado itaonyesha utafutaji ukirudisha zaidi ya 4 kwa kila 1, mitandao 3.25, kwa hiyo wiki ijayo atahamisha nyingine.

Ukishahamisha elfu moja upande sahihi, uliza tena kabla ya kuhamisha ya pili. Utafutaji ukitoka 4,000 kurudi 3,000 unapoteza 3,000. Mitandao ikitoka 6,000 kwenda 7,000 inapata 2,000. Hapo simama. Kigezo cha kusimama ni hicho: pale elfu unayotaka kuiondoa upande mmoja inapokuwa na thamani sawa au kubwa kuliko inayofuata upande wa pili. Wastani hautakuwa sawa wakati huo. Utafutaji utaonyesha 6 na mitandao 3, na usishtuke. Mteremko ukiwa wa aina mbili tofauti, wastani hauna sababu ya kulingana.

Nne: geuza mauzo kuwa faida ghafi

Mauzo si faida. Kama katika kila 100 ya mauzo unabaki na 50 baada ya gharama ya bidhaa na usafirishaji, elfu moja ya matangazo inapaswa kuleta angalau 2,000 ili ijilipe. Elfu ya tano ya utafutaji iliyoleta 1,500 ilikuwa hasara ya 250 kila wiki, ikiwa imejificha nyuma ya wastani wa 5.1. Elfu ya sita ya mitandao, yenye 2,300, inajilipa na kubakiza 150. Elfu ya saba, yenye 2,000, haileti faida wala hasara, kwa hiyo hata mwenye biashara akikupa bajeti ya ziada, hapo mwambie bado.

Angalia pia kama pande mbili zinauza bidhaa zilezile. Mitandao ikiwa inauza zaidi bidhaa za punguzo, ambazo kila 100 inabakiza 35 tu, basi 2,300 yake inakuwa 805 ya faida, wakati 1,500 ya utafutaji kwa kiwango cha 50 ni 750. Tofauti iliyoonekana kubwa imebaki 55, na hiyo haitoshi kumhamishia mtu bajeti.

Tano: usiziamini namba za majukwaa, zipime kwa maeneo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mauzo kwenye ile jedwali yametoka wapi? Kama yametoka kwenye skrini ya kila jukwaa, yamehesabiwa mara mbili. Mtu aliona tangazo Meta, akatafuta Google, akabofya, akanunua. Kila upande unaandika mauzo hayo kuwa yake. Meta inaweza kuhesabu hata mtu aliyeliona tangazo bila kulibofya akanunua ndani ya siku 1, na aliyebofya akanunua ndani ya siku 7, kutegemea mpangilio uliochaguliwa. Historia inakupa dhana ya kuanzia. Uthibitisho hutoka kwenye jaribio, na kipimo chake ni mauzo yote kutoka kwenye vitabu vya biashara.

Gawa maeneo unayouza katika makundi mawili ambayo mauzo yake yamekuwa yakipanda na kushuka pamoja kwa miezi kadhaa. Kundi la kwanza libadilishe, la pili liache kama lilivyo. Kwa muda wa jaribio usiguse kitu kingine, hasa bei na punguzo.

Tuseme kundi la jaribio liliuza 118,000 katika wiki 4 kabla, na kundi la kulinganishia 122,000. Kisha kwa wiki 4 unapunguza utafutaji usio wa jina kwenye kundi la jaribio kwa 500 kila wiki, yaani 2,000 kwa jumla. Kundi la kulinganishia linauza 124,440, limepanda asilimia 2. Kwa hiyo kundi la jaribio lingetarajiwa kupanda vivyo hivyo hadi 120,360. Limeuza 117,960. Pengo ni 2,400, umeokoa 2,000, basi pato la nyongeza ni 1.2. Historia ilisema 1.5.

Kabla ya kusherehekea, litazame pengo lenyewe. 2,400 ni asilimia 2 tu ya mauzo ya kundi, na mauzo huyumba kiasi hicho hata pasipo sababu. Rudi nyuma kwenye miezi ambayo hukubadilisha chochote, ufanye hesabu ileile kwa wiki 4 dhidi ya wiki 4, mara kadhaa. Ukipata mapengo ya 300, hasi 700, 1,000, basi kelele yako ni kama 1,000, na jibu lako liko mahali fulani kati ya 0.7 na 1.7. Linatosha kukuongoza, kwa sababu hata 1.7 haifiki 2 unayoihitaji ili ijilipe. Ukipata mapengo ya 3,000 wiki ambazo hakuna kilichotokea, jaribio lako halijasema kitu, hata kama namba ilikupendeza.

Dawa ya kelele ni kurefusha muda au kubadilisha kiasi kikubwa zaidi. Lakini ukipunguza nusu ya matumizi ili pengo lionekane, utakuwa umepima ngazi kadhaa kwa pamoja, na za chini zina pato kubwa. Jibu litakuwa juu kuliko la elfu ya mwisho. Mimi huanza na punguzo la asilimia 20 hadi 40, nikikumbuka kwamba nikikata zaidi, namba inayorudi inaupendelea upande niliokata.

Upande wa mitandao fanya jaribio la kuongeza badala ya kupunguza, kwa kuwa ndilo swali unalouliza. Ongeza 500 kwa wiki kwenye kundi la jaribio, na usifunge hesabu siku jaribio linapoisha. Endelea kuhesabu mauzo kwa wiki 2 zaidi, maana wanaoona tangazo mtandaoni hawanunui wote siku hiyo. Ukipata mauzo 4,200 juu ya yaliyotarajiwa kwa 2,000 iliyotumika, pato ni 2.1. Sasa una 1.2 dhidi ya 2.1, zote kutoka kwenye vitabu vilevile. Vipimo viwili vikikaribiana kiasi cha kuingiliana, hamisha nusu ya ulichokusudia na upime tena.

Sita: hamisha bila kuvuruga mashine

Meta huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki moja baada ya mabadiliko makubwa ili seti ya matangazo itoke kwenye kipindi cha kujifunza. Ukiongeza bajeti hadi mara mbili ya ilivyokuwa kwa siku moja, utarudi huko, na wiki ya kwanza itakuonyesha pato baya lisilo la kweli. Kutoka 5,000 hadi 6,000 ni asilimia 20, hatua inayovumilika. Ukihitaji zaidi, gawa kwa wiki.

Google Ads ina mtego wa aina yake. Ukitumia `Target ROAS`, yaani lengo la mauzo kwa kila 1 ya gharama, kumbuka kwamba lengo hilo ni wastani wa kampeni. Ukiiambia ilete 500%, itanunua hata mibofyo inayorudisha 1 mradi ile mizuri iubebe wastani hadi ufike 5. Kwa hiyo kupunguza bajeti ya kampeni ambayo haikuwa inaimaliza hakubadilishi kitu. Kinachokata ngazi za juu ni kupandisha lengo, tuseme kutoka 500% hadi 600%, kidogo kidogo, na kutazama matumizi yakishuka hadi pale ulipotaka. Ni kwa sababu hiyohiyo kuweka lengo moja kwa majukwaa yote mawili, ingawa kunaonekana haki, kunasawazisha wastani na kuacha pato la nyongeza likitofautiana.

Baada ya kuhamisha, fuatilia vitu viwili kwa wiki 4: mauzo yote ya biashara, na mauzo ya kampeni ya jina. Usihukumu kwa wastani wa majukwaa, kwani katika mfano wetu wastani wa mitandao utashuka kutoka 3.14 hadi 3.0 kwa hakika, na huo ndio mpango ukienda sawa. Mweleze mwenye biashara jambo hilo kabla, kwa maandishi. Asipojua, siku namba itakaposhuka atakuagiza urudishe fedha ulikoitoa.

Kipimo cha mitandao kirudie tangazo jipya likianza kubeba sehemu kubwa ya matumizi, na cha utafutaji mshindani akiingia au kutoka kwenye mnada, jambo utakaloliona kwenye ripoti ya `Auction insights`. Pasipo hayo, mara moja kila robo mwaka inatosha.